Simu imejazwa, lakini ni ya nani? Kusafisha orodha ya wauzaji wa samaki

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni ya kununua samaki hapa Ilemela. Tuna wauzaji kama 6,200 kwenye orodha, wa sangara na dagaa, kutoka Ukerewe, Kome, Igombe hadi upande wa Sengerema. Majina yako sehemu tatu: Excel ya mizani mwaloni, programu ya uhasibu, na mfumo wa kulipa kwa simu. Bosi ameniambia nisafishe data, nihakikishe usahihi, ukamilifu na ulinganifu. Nimepima ukamilifu wa namba za simu, umefika asilimia 98. Lakini kila wiki kuna hela inakwenda kwa mtu asiyehusika. Nataka pia kufuta majina yaliyojirudia. Nianzie wapi?*

Marahaba. Kabla hujagusa mstari hata mmoja, nakili mafaili yote matatu uyaweke mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kuyabadilisha. Hilo la kufuta liache kwanza. Ukifika mwisho wa barua hii utaona kwamba pengine hutafuta kitu.

Tuanze na hiyo asilimia 98, kwa sababu ndiyo inayokupoteza. Ulichopima ni kwamba katika kila mistari 100, mistari 98 ina kitu kwenye safu ya simu. Hukupima kama kitu hicho ni namba ya simu kweli, kama namba hiyo inapatikana, wala kama ni ya muuzaji aliyeandikwa pembeni yake. Ukamilifu huuliza tu: pamejazwa? Unaweza kuupima ukiwa umekaa kitini, na ndiyo maana kila mtu hukimbilia kuupima. Usahihi huuliza: kilichojazwa kinalingana na hali halisi kule mwaloni? Hilo huwezi kulijua kwa kutazama faili. Lazima upige simu, au upande boti.

Tena vipimo hivi viwili hugombana. Ukiubana ukamilifu, usahihi unaweza kushuka. Fanya jaribio hili leo hii, halichukui dakika tano. Ihesabu kila namba ya simu imejitokeza mara ngapi, kisha anza na zile zilizojirudia zaidi:

```sql
SELECT simu, COUNT(*) AS idadi
FROM wauzaji
GROUP BY simu
HAVING COUNT(*) > 1
ORDER BY idadi DESC;
```

Kama orodha iko Excel, tumia `COUNTIF` kwenye safu ya pembeni, kisha panga kutoka kubwa kwenda ndogo. Juu kabisa utakuta namba za kubuni, sifuri tupu au tarakimu moja iliyorudiwa mara tisa. Chini yake kidogo zitatokea namba zenye sura ya kawaida kabisa, ila zimeandikwa kwa watu ishirini, thelathini, au zaidi. Hizo zipigie simu.

Niliwahi kufanya kazi kama yako kwa kampuni moja ya visiwani. Namba iliyojirudia kuliko zote ilipokelewa na sauti niliyoifahamu: karani wetu wa mizani. Programu ilikuwa imewekwa isikubali kuhifadhi muuzaji mpya bila namba ya simu. Mvuvi anateremsha sangara saa kumi na mbili asubuhi, barafu inayeyuka, nyuma yake kuna mitumbwi inasubiri, naye hana simu au imeanguka ziwani jana. Karani afanyeje? Aliandika namba yake mwenyewe, hela zikimfikia akawapelekea wenyewe mkononi. Nilipitia daftari lake, hakuna shilingi iliyopotea. Lakini alipohamishwa mwalo mwingine, malipo yaliendelea kumfuata yeye, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kosa halikuwa lake. Ni sisi ofisini tuliomlazimisha ajaze kitu alichokuwa hana, kisha tukajisifu kwamba ukamilifu umepanda.

Dawa yake ni kuruhusu nafasi ibaki wazi, ila kwa sababu maalumu. Weka safu ya pili yenye majibu matatu tu: hana simu, amekataa kutoa, hajaulizwa. Aliye chini ya jibu lolote kati ya hayo alipwe taslimu kwa hati, siyo kwa simu. Ukishafuta namba za kubuni na za makarani, ukamilifu wako utashuka, pengine kwa asilimia nyingi. Mwambie bosi mapema kwamba utashuka, na umweleze kwa nini, asije akadhani umemharibia orodha.

Baada ya hapo, nyoosha umbo la namba. Excel ikiichukulia simu kama hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea, kwa hiyo utakuwa na namba zinazoanza na 0, nyingine na 7 au 6, nyingine na 255, nyingine na alama ya kujumlisha. Zote ziweke katika umbo moja, 255 ikifuatwa na tarakimu tisa, na safu iwe ya maandishi. Usihangaike kukagua kama tarakimu za mwanzo zinalingana na mtandao alioutaja muuzaji. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo kigezo hicho hakina nguvu tena.

Sasa usahihi wenyewe. Huwezi kuwapigia watu 6,200, na huna haja. Chukua 100 kwa bahati nasibu: weka `=RAND()` kwenye safu mpya, panga kwa safu hiyo, chukua mistari 100 ya juu. Usichague wale unaowafahamu wala wa mwalo wa karibu, maana hao ndio wenye data nzuri. Wapigie, na wasiopokea uwafuate kupitia kwa karani wa mwalo wao. Wavuvi wa dagaa watafute wakati wa mbalamwezi. Wakati wa giza wako majini usiku kucha, na mchana wamelala.

Tuseme kati ya hao 100, namba 12 si za wahusika. Usiandike kwenye ripoti kwamba kosa ni asilimia 12 kamili. Sampuli ya 100 inakuruhusu kusema tu kwamba kiwango halisi kipo takriban kati ya asilimia 7 na 20, yaani watu kati ya 430 na 1,240 katika orodha yako. Ni pana, lakini inatosha kumwonyesha bosi kwamba ile 98 haikuwa inasema alichodhani. Na hata ukikosa kosa lolote katika 100, bado huwezi kuapa kwamba orodha ni safi. Unachoweza kusema ni kwamba makosa hayazidi asilimia 3 hivi.

Pembeni ya sampuli hiyo, chukua wauzaji 50 waliolipwa pesa nyingi zaidi mwaka huu uwakague wote, bila bahati nasibu. Sampuli inakuonyesha hali ya orodha, lakini hao 50 ndio wanaobeba hasara kubwa ukikosea.

Katika kuwapigia utakutana na jambo ambalo vitabu vya fani hii havilitaji. Unapotuma hela kwa simu, jina la aliyesajili laini huonekana kabla hujathibitisha. Wengi hushauri jina hilo lilinganishwe na la muuzaji, na kama hayafanani, basi namba ni mbovu. Visiwani ushauri huo utakuangusha. Mvuvi hulipwa kupitia simu ya mkewe aliyeko Nansio, kijana hupokelea kwenye simu ya kaka, na mwenye mtumbwi anayekaa Kirumba hupokea mauzo ya nahodha wake. Majina hayafanani, na malipo ni halali kabisa. Kwa hiyo safu moja ya "simu" haitoshi. Unahitaji tatu: namba ya kulipia, jina la mwenye laini, na uhusiano wake na muuzaji. Hapo jina la kwenye simu utalilinganisha na jina la mwenye laini, siyo la muuzaji, na tofauti ikitokea ujue kweli kuna jambo.

Kumbuka pia kwamba namba iliyokuwa sahihi juzi inaweza kuwa mbovu leo bila mtu kukosea. Laini iliyokaa bila kutumika hufungwa, na baadaye namba hupewa mteja mwingine. Nina hakika baadhi ya hela zako zinazopotea zimepitia mlango huu. Weka tarehe ya mara ya mwisho namba kuthibitishwa. Muuzaji asiyeleta samaki kwa muda mrefu, kwa mfano miezi sita, akirudi, namba yake iulizwe upya kabla ya malipo ya kwanza.

Ulinganifu nitaugusa kwa ufupi. Ni kuangalia kama mizani, uhasibu na malipo vinasema jambo moja kuhusu mtu mmoja, na ni kazi nzuri, maana palipo na tofauti pana kosa mahali fulani. Ila kufanana kwa mifumo si ushahidi wa usahihi. Fuatilia data ilianzia wapi. Mara nyingi uhasibu ulinakili kutoka mizani, na malipo yakanakili kutoka uhasibu. Hao si mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja, na wawili waliosikia kwake.

Kuna tofauti nyingine ambayo si kosa. Mkoa wa Geita uliundwa 2012, na sehemu yake ilikatwa kutoka Mwanza. Muuzaji aliyeandikwa "Geita, Mwanza" kwenye daftari la zamani na "Geita, Geita" kwenye mfumo mpya hajahama. Mipaka ndiyo iliyohama. Majina ya mikoa, wilaya na mialo yaweke kwenye orodha moja ya marejeo yenye tarehe za kuanza na kuisha, na makarani wachague humo badala ya kuandika kwa mkono.

Sasa tuje kwenye majina yanayojirudia. Hapa ndipo nakusihi uwe mpole, kwa sababu nimeona watu wakiharibu zaidi ya walivyotengeneza.

Nikupe mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Majina nimeyachagua kwa kuwa ni ya kawaida Usukumani, si ya mtu fulani. Una mistari minne. Kwenye uhasibu kuna Kulwa Mabula. Kwenye mizani kuna Kurwa Mabura. Kwenye malipo kuna Doto Mabula. Tena kwenye mizani kuna mtu aliyeandikwa "Mama Kulwa", bila jina lingine. Wote wanne wana namba moja ya simu. Kulwa na Doto wana tarehe moja ya kuzaliwa, na ukitazama namba zao za NIDA nazo zinafanana kabisa. Programu ya kutafuta marudio ingekwambia bila kusita: huyu ni mtu mmoja, unganisha.

Lakini wewe umekulia huku, unajua Kulwa na Doto ni mapacha. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, Doto akafuata. Tarehe moja ya kuzaliwa, jina moja la baba, kijiji kimoja, hayo yote ni ya kawaida kwa mapacha. Na Mama Kulwa huenda ndiye mama yao, muuzaji wa dagaa kwa haki yake mwenyewe, na simu ni yake yeye, wanawe wanaitumia kupokelea hela. Mistari minne, watu watatu. Ukiwaunganisha wote, samaki wa Doto watalipwa kwa hesabu ya Kulwa, na deni la mafuta alilochukua Kulwa litakatwa kwa mama.

Sasa kwa nini namba za NIDA zifanane, wakati kila mtu ana yake? Hapa kuna tatizo linalotokea kimyakimya, na ninaomba ulikague leo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za hesabu, zilizobaki inazigeuza sifuri. Tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kufanana tarakimu 15 za kwanza. Tofauti yao iko mwishoni, na mwisho ndio Excel iliokula. Jaribu hivi:

```sql
SELECT COUNT(*) FROM wauzaji
WHERE LENGTH(nida) = 20
  AND nida LIKE '%00000';
```

Namba halisi zinazoishia na sifuri tano ni nadra sana. Ukipata mamia, ujue safu hiyo ilipita Excel ikiwa hesabu badala ya maandishi. Angalia pia zilizoandikwa kwa umbo la `1.99E+19`, ni ugonjwa uleule. Tarakimu zilizopotea hazirudishwi kwa ujanja wowote. Lazima kadi isomwe tena, au utafute fomu ya karatasi. Mpaka hapo usiitumie safu hiyo kuamua nani ni nani, hata kama ukamilifu wake ni asilimia 100 na kila namba ina tarakimu 20 barabara. Imejaa, ina umbo sahihi, na si kweli.

Kwa namba ambazo hazijaharibika kuna ukaguzi mdogo wa kupendeza: linganisha tarakimu 8 za kwanza na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye safu yake. Zisipolingana, moja imekosewa, na kadi ndiyo itakayoamua ni ipi.

Rudi kwa Kulwa na Kurwa, Mabula na Mabura. Kanda yetu l na r hubadilishana kwa kalamu ya karani. Ukitumia programu iliyotengenezwa nje, nyingi zina kipimo cha sauti kiitwacho Soundex, kilichobuniwa kwa majina ya Kiingereza. Kipimo hicho huzipa l na r namba tofauti: Mabula inakuwa `M140`, Mabura inakuwa `M160`. Yaani kinatenganisha palepale tunapotaka kiunganishe. Tengeneza kanuni zako mwenyewe. Fanya safu ya pembeni ya kulinganishia, ambayo haionyeshwi kwa mtu yeyote, na humo geuza herufi kubwa ziwe ndogo, badilisha kila r iwe l, ondoa nafasi za ziada, panga majina kwa alfabeti ili "Mabula Kulwa" na "Kulwa Mabula" yawe kitu kimoja. Jina la asili usiliguse, libaki kama lilivyo.

Ondoa pia "Mzee" na "Bwana" mbele ya jina. Lakini "Mama" usiliondoe. Ukitoa "Mama" kwenye "Mama Kulwa" umemgeuza mama kuwa mwanawe. "Baba" ni vilevile. Mistari ya namna hiyo iweke kando, ikaulizwe majina kamili mwaloni.

Halafu pima uzito wa kila kinachofanana. Wazo hili Fellegi na Sunter waliliweka katika hesabu mwaka 1969, na msingi wake unaeleweka bila hesabu: kufanana kwa kitu cha kawaida kunathibitisha kidogo, kufanana kwa kitu adimu kunathibitisha sana. Watu wawili wenye jina la Mabula hapa Mwanza hawajathibitisha lolote, kwa kuwa jina hilo hupewa waliozaliwa wakati wa mvua, na mvua haimnyeshei mtoto mmoja. Watu wawili wenye jina ambalo kwenye orodha yako nzima limetokea mara mbili tu, hao watazame kwa makini. Simu nayo, kwa mjini ingekuwa ushahidi mzito. Kwa visiwani, ambako familia nzima hulipwa kwenye laini moja, ipunguzie uzito.

Na mwalo usiupe uzito kabisa. Wavuvi huhama kambi kufuata samaki, leo Ukara, mwezi ujao Kome. Hili ni kosa nililolikuta kwenye karibu kila orodha ya wauzaji wa ziwani: mwalo umeandikwa kama sifa ya mtu, kama vile tarehe yake ya kuzaliwa. Si sifa ya mtu, ni sifa ya mzigo aliouleta siku ile. Uandike kwenye tiketi ya mizani. Data mama, yaani ile inayoeleza mtu au kitu chenyewe ambacho miamala yote hukirejea, ibaki na yale ambayo hayabadiliki kila anapoteremsha samaki. Ukiuacha mwalo kwenye data mama, karani wa Kome asipomkuta mvuvi wa Ukara kwenye orodha yake atamsajili upya. Sehemu kubwa ya marudio yako imezaliwa hivyo.

Baada ya kupima, gawanya jozi katika mafungu matatu. Zilizo wazi kabisa, kama NIDA nzima inayolingana pamoja na jina, ziunganishwe. Zilizo mbali ziachwe. Za katikati zichapishwe na zipelekwe kwa karani wa mwalo, ambaye atasema kwa kutazama tu, "hawa ni mtu na mdogo wake." Kulwa na Doto, na jozi nyingine za namna hiyo, ziweke kwenye kanuni ya kudumu: zisiunganishwe na kompyuta hata zikifanana kwa kila kitu. Na fungu la katikati likiwa kubwa, usilipunguze kwa kulegeza masharti ya fungu la kwanza. Muuzaji aliyeandikwa mara mbili anakupa ripoti yenye kasoro. Wauzaji wawili walioandikwa kama mmoja, mmoja wao anakosa hela ya jasho lake. Makosa haya mawili hayana bei moja.

Na hata unapounganisha, usifute. Tengeneza jedwali la rejea. Kila mtu halisi apewe namba mama mpya, na mistari ya zamani ibaki kwenye mifumo yake ikielekezwa kwenye namba hiyo:

```
namba_mama | mfumo   | namba_ya_mfumo
M-00871    | uhasibu | 2216
M-00871    | mizani  | 0954
M-00872    | malipo  | 7730
M-00873    | mizani  | 1408
```

Kulwa ni 00871, mistari yake miwili imekutana. Doto ni 00872. Mama yao ni 00873, na kwa hao wengine wawili yeye ndiye mwenye laini ya kulipia. Ongeza safu mbili, tarehe na jina la aliyeunganisha. Kesho ukigundua umekosea, unabadilisha mstari mmoja na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Kama ungefuta, tiketi za mizani za mwaka mzima zingekuwa zimeshika namba isiyokuwepo.

Panapotofautiana, amua safu kwa safu ni chanzo kipi kinashinda, siyo mfumo mmoja ushinde kwa kila kitu. Jina na tarehe ya kuzaliwa vitoke kwenye kadi ya NIDA iliyosomwa. Namba ya kulipia itoke kwenye malipo ya mwisho ambayo muuzaji mwenyewe alithibitisha kuyapokea. Kanuni ya "kilichoandikwa mwisho ndicho sahihi" iogope. Mtu akipakia faili la zamani Ijumaa jioni, tarehe ya mfumo itasema ni jipya, na namba zilizokufa zitafufuka zote kwa mpigo.

Kinachobaki ni kuzuia uchafu usirudi. Karani atafute kabla ya kusajili, na utafutaji upitie ile safu ya kulinganishia ili akiandika Mabura aletewe na akina Mabula, wa mialo yote. Kubadilisha namba ya kulipia kusifanywe na mtu mmoja: anayepokea ombi si anayeidhinisha, na kabla ya kuidhinisha piga kwenye namba ya zamani uulize. Wezi wanaijua njia hii vizuri kuliko sisi. Orodha hii ina namba za vitambulisho, kwa hiyo iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isizungushwe kwenye kundi la WhatsApp la makarani, hata kama ni kwa nia ya kusaidiana kusahihisha.

Miezi mitatu baadaye, pima tena kwa watu 100 wengine. Wale wa kwanza usiwarudie, maana ulishawasahihisha kwa mkono wako, na wataipamba ripoti tu. Simu za hao wapya wapigie mwenyewe, usimtume karani aliyewasajili.